Shangazi Alipopiga Mara ya Pili

Kijana ninayemzungumzia hapa ni mwenyeji wa Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo mjini, na kazi yake ni kutembeza wageni kwenye magofu. Jina lake silitaji, maana kisa kilimuuma, ila mwenyewe ameniruhusu nikieleze ili wengine wasinaswe pale aliponaswa yeye. Aliomba kazi kwenye kampuni ya utalii iliyo mbali na pwani, akaitwa kwenye usaili, na kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo, wakakubaliana usaili ufanyike kwa video kupitia Google Meet. Kifaa chake kilikuwa simu ile ile anayoitumia siku zote, yenye laini mbili na bando la intaneti.

Hakuwa mzembe, na hilo naomba msomaji alishike tangu mwanzo. Alichaji simu usiku, akanunua bando la kutosha, akatafuta chumba chenye mwanga, akaegemeza simu kwenye rundo la vitabu ili isitikisike. Robo saa kabla ya usaili aliwasha kitufe kile ambacho kwenye simu za Kiswahili kimeandikwa Usinisumbue, na kwenye za Kiingereza Do Not Disturb. Akaona amemaliza. Nadhani wengi wetu tungeona hivyo.

Usaili ulianza vizuri. Watu watatu wa jopo walimsalimu, wakamuuliza habari za kwao, kisha mmoja akamwomba aeleze, kama vile anaongea na mgeni aliyeshuka garini sasa hivi, kwa nini mji wa Kaole ulihamwa. Swali hilo kwake ni uji. Akaanza na misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo, akaja kwenye mikoko na tope vilivyoiziba bandari hadi vyombo vikashindwa kuingia na biashara ikahamia Bagamoyo. Alipofika kwenye mikoko, nyuso za jopo zikaganda. Simu haikulia wala kutetemeka. Aliona tu kwamba juu ya kioo, pembeni ya alama za mnara, maandishi ya 4G yamegeuka kuwa H. Sekunde kadhaa baadaye picha zikarudi na mmoja wao akasema, "Tulikupoteza kidogo, endelea."

Akaendelea. Haikupita dakika, simu ikaita kwa mlio wake wote, na kitambaa cha simu inayoingia kikashuka juu ya kioo kikafunika uso wa mwenyekiti wa jopo. Alikuwa shangazi yake. Kwa haraka akataka kuikata, kidole kikateleza, akawa ameipokea. "Mbona hupokei simu, mwanangu? Nakupigia we hupokei! Ule mchango wa harusi umefikia wapi?" Kijana akasema, "Shikamoo shangazi, niko kwenye usaili," akakata. Kumbe muda wote huo jopo halikusikia kitu, kwa sababu simu ya kawaida ikipokelewa huchukua maikrofoni, na programu ya video hubaki bubu. Wao waliona uso wa mtu anayefumba na kufumbua mdomo, kisha wakaona duara linalozunguka. Alipojaribu kurudi, mtandao ulikuwa bado kwenye H, kikao kikamtoa, akalazimika kuingia upya. Jopo lilikuwa la kiungwana, likamwambia hayo hutokea. Lakini lile simulizi la mikoko halikurudiwa, na maswali yaliyobaki yalikwenda haraka haraka. Kazi hakuipata. Kama ni kwa ajili ya simu ile au kwa jambo jingine, hakuna aliyemwambia.

Jioni yake tulikaa barazani tukaifungua simu ile pamoja na fundi simu mmoja wa Bagamoyo mjini, mtu mwenye subira na maneno machache. Tulichokiona ni kwamba Usinisumbue ilifanya kazi yake sawasawa, ila kazi yenyewe si ile tunayodhani.

Tuanze na mlio wa mara ya pili. Ndani ya Usinisumbue ya simu za Android kuna kipengele kinachosomeka "Repeat callers", na kwenye simu nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimewashwa. Maana yake ni hii: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu huchukulia kwamba ana dharura, nayo huita. Aifoni nayo ina kipengele cha namna hiyo, kinaitwa "Allow Repeated Calls", ila muda wake ni dakika 3. Waliobuni jambo hili walikuwa na nia njema kabisa. Walifikiria mgonjwa usiku wa manane. Hawakumfikiria shangazi wa pwani. Kwetu sisi mtu asipopokelewa hangoji, anapiga tena papo hapo, na akikosa anapiga ya tatu, kisha anampigia mdogo wako amuulize uko wapi. Sisi ndio watu wa kubipu. Kwa mazoea yetu haya, kizuizi kinachofunguka kwa simu ya pili ni sawa na mlango usio na komeo.

Kipengele hiki hufungwa hivi. Ingia Settings, tafuta Do Not Disturb. Kwenye simu nyingine iko ndani ya Sound, kwenye nyingine ndani ya Notifications. Fungua sehemu ya watu au simu, iliyoandikwa "People" au "Calls". Utaona simu za nani zinaruhusiwa kupita, na mara nyingi waliowekewa nyota kwenye orodha ya majina wameruhusiwa pia. Chagua "None", yaani asipite mtu, kisha zima "Repeat callers". Kwenye Aifoni njia ni Settings, Focus, Do Not Disturb, People, na humo unazima "Allow Repeated Calls". Kijana wetu aliniambia kwamba maneno hayo ya "Repeat callers" aliyaona asubuhi ile ile alipokuwa akiwasha. Aliyasoma, hakuyaelewa, akapita. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza iliyopuuzwa, na sina ujasiri wa kumlaumu, kwani sisi wengine hata kusoma hatusomi.

Ukiwa humo humo, angalia pia sehemu ya arifa zilizofichwa. Simu nyingi za Android huzima sauti tu, lakini kitambaa cha ujumbe kinaendelea kushuka juu ya kioo, na ukiwa umewaonyesha wenzako kioo chako, wote wanasoma kwamba salio lako limebaki shilingi kadhaa au kwamba kamati ya harusi imekutaja kwa jina. Pana chaguo la kuondoa sauti na maandishi kwa pamoja. Kwenye simu nyingi limeandikwa "No visuals or sound from notifications". Hilo ndilo la kuchagua. Na usisahau kengele za saa. Usinisumbue huziruhusu zipite mpaka uziondolee ruhusa, na baadhi ya programu za adhana hulia kwa njia ya kengele. Usaili uliopangwa saa tano unaweza kuchelewa ukagota adhuhuri, na hapo hutajua uizime adhana au uache jopo lisubiri.

Sasa lile la kuganda, ambalo ndilo zito zaidi, na ndilo ambalo kijana hakulitilia maanani kabisa. Simu ya kwanza ya shangazi haikulia, lakini video ilikatika. Kwa nini?

Fundi alitueleza kwa utaratibu. Usinisumbue iko ndani ya simu yako. Kazi yake ni kuficha mlio na maandishi. Lakini simu ya shangazi imeshafika mnarani, mnara umeshaita laini yako, na simu yako imeshaitika kimyakimya. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya intaneti. Ili simu ya sauti ipite humo humo, lazima laini, mtandao na kifaa vyote viwe na huduma ya VoLTE. Isipokuwepo, simu inapoingia kifaa hulazimika kuiacha 4G na kushuka kwenye 3G au 2G ili kuipokea, na hushuka mara tu kinapoitwa, kabla hujapokea wala kukata. Kikishuka 3G, intaneti inapungua na video inaganda. Kikishuka 2G, mara nyingi intaneti inasimama kabisa. Simu ikikatika, kifaa huchukua muda kupanda tena. Kwa hiyo mtu anaweza kufunga kila kipengele cha Usinisumbue, asisikie hata mtetemo, na bado shangazi akamvuruga.

Dalili yake inaonekana kwa macho, na kila mmoja anaweza kujipima leo. Fungua video yoyote kwa bando, mwombe mwenzako akupigie simu ya kawaida, usipokee, ila tazama herufi zilizo pembeni ya alama za mnara. Zikibaki 4G, laini yako ina VoLTE na video haitasumbuka sana. Zikigeuka H, 3G au E, ujue una tatizo lile lile la kijana wa Kaole. Kabla ya kukata tamaa, ingia kwenye mipangilio ya laini utafute kitufe cha "VoLTE" au "4G Calling". Wakati mwingine kipo, kimezimwa tu.

Kipimo hicho kijana alikifanya bila kujua. Usiku wa kuamkia usaili alijaribu Google Meet na rafiki yake, dada yake akapiga katikati, picha ikaganda. Wote wawili wakasema, "Mtandao wa leo!" wakacheka, wakaendelea. Siku hizi nikisikia mtu analaumu mtandao, namuuliza kwanza kama kuna aliyempigia wakati ule. Na kuna ishara nyingine ambayo haikuhitaji ufundi wowote: shangazi mwenyewe alikuwa amemwambia jioni ile, "Kesho asubuhi nitakupigia tuongee habari ya mchango." Neno moja la kumwomba apige mchana lingetosha. Tunahangaika na vitufe, na mtu wa kuambiwa yupo nyumba ya pili.

Kama laini yako haina VoLTE, dawa ni kuizuia simu isikufikie kabisa, izuiwe kule mtandaoni kabla mnara haujakuita. Njia iliyo nyepesi kwetu ni kuelekeza simu zako zote kwenye namba nyingine kwa muda. Unafungua sehemu ya kupigia simu kama unataka kupiga, unaandika ya kwanza kati ya hizi, ukiweka namba ya atakayekupokelea mahali palipoandikwa NAMBA:

```
**21*NAMBA#
*#21#
##21#
```

Unabonyeza kitufe cha kupiga, unasubiri maandishi ya kuthibitisha. Ya pili ni ya kuuliza kama simu zako zimeelekezwa na zimeelekezwa wapi. Ya tatu ni ya kufuta. Zikishaelekezwa, anayekupigia anapelekwa moja kwa moja kwa huyo mwingine, kifaa chako hakiitwi, na herufi za 4G hazitikisiki. Jua kwamba kila simu inayoelekezwa huweza kukatwa kwenye salio lako kana kwamba wewe ndiye uliyempigia huyo wa pili, hivyo acha salio kidogo. Na chagua mtu wa kupokea, usielekeze kwenye namba iliyozimwa. Mdogo wako akiwa jikoni na simu mkononi anaweza kusema, "Shikamoo shangazi, kaka yuko kwenye usaili, atakupigia saa sita," na shangazi ataridhika. Na kama kweli kuna msiba au mgonjwa, mdogo wako atafungua mlango akuite. Kwa maoni yangu hii inazidi kila kitufe, kwa sababu mtu ndiye anayejua dharura ni ipi.

Hapa niweke tahadhari ndogo. Mtu usiyemjua akikupigia akikutaka uandike nyota nyota ishirini na moja pamoja na namba yake, kata simu. Huyo anataka simu zako zimfikie yeye, pamoja na zile za kukusomea namba za siri za uthibitisho.

Laini ya pili nayo ina lake. Simu nyingi za laini mbili haziwezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: bando likiwa kwenye laini ya kwanza na simu ikaingia kwenye ya pili, ya kwanza huachwa ikingoja. Kijana wetu alikuwa amejiandaa kwa laini yenye bando tu, ile nyingine hakuikumbuka. Ya pili usiielekeze popote, izime kabisa. Ingia sehemu ya SIM kwenye mipangilio, weka kitufe chake kwenye kuzima, simu itabaki na laini moja mpaka utakapoirudisha.

Wenye Wi-Fi wana njia fupi zaidi. Wanawasha hali ya ndege, laini zote zinakatika, kisha wanaiwasha Wi-Fi peke yake. Kaole wenye Wi-Fi majumbani ni wachache, lakini simu ya mwenzako inaweza kukugawia intaneti: yeye anawasha hotspoti, wewe unakaa kwenye hali ya ndege na kuunganisha Wi-Fi yake. Hapo wengi hujikwaa tena, kwa kuwa simu ya mwenzako nayo ina mashangazi wake. Ikiingia simu kwake na ikashuka kwenye H, wewe ndiye utakayeganda. Kwa hiyo ile inayogawa ndiyo ya kuelekezwa simu na kuzimwa laini ya pili. Wanaotumia kompyuta kwa hotspoti ya simu yao wenyewe wamo humo humo, ingawa huwa wanajiona wako salama.

Imebaki WhatsApp. Simu za WhatsApp hupita kwenye intaneti, kwa hiyo hali ya ndege yenye Wi-Fi haizizuii, wala kuelekeza simu hakuzigusi. Usinisumbue iliyofungwa vizuri hupunguza, lakini kwenye Android kuna njia ya uhakika zaidi: Settings, Apps, WhatsApp, kisha "Force stop". Mpaka utakapoifungua tena mwenyewe, haitaleta simu wala ujumbe. Ujumbe wote utaukuta baadaye. Shida ni pale usaili wenyewe unapofanyika kwenye WhatsApp, kama ambavyo waajiri wadogo wadogo hupenda. Hapo huwezi kuizima, na mwingine akikupigia kwa WhatsApp utaona taarifa yake katikati ya mazungumzo. Si utovu wa adabu kuandika mapema: "Naomba tutumie Google Meet, ili simu nyingine zisituingilie." Anayeajiri mtu makini hatachukia.

Yote haya yajaribu siku moja kabla, na uyajaribu kama adui. Mwambie rafiki akupigie simu ya kawaida mara mbili mfululizo, laini zote mbili, kisha kwa WhatsApp, huku mwingine akiwa kwenye video akikuambia anachokiona. Picha ikiganda hata mara moja, usiseme ni mtandao mpaka uwe umetazama zile herufi.

Kijana alipata usaili mwingine miezi kadhaa baadaye. Safari hii alizima laini ya pili, akaelekeza simu kwa dada yake, akaisimamisha WhatsApp, akamaliza bila kukatizwa. Alichosahau ni kuandika ##21#. Kesho yake mteja alimpigia akitaka kutembezwa Kaole na wageni wanne, akapokelewa na dada mtu aliyekuwa anachambua mchele. "Yuko kwenye usaili," dada akamwambia, kisha, kwa kuwa alimsikia mteja anataka kukata, akamuuliza wageni wanakuja siku gani na wangelipa kiasi gani. Bei aliyopatana naye ilikuwa juu kuliko ile anayotoza kaka yake.